Bei ya Karatasi ya Zamani

Mama Vioo alipogundua kwamba ameuza vioo kwa bei ya kutupa, hakutafuta kosa limeingia wapi. Alitafuta mwizi. Ndivyo alivyokuwa tangu mumewe afariki amwachie karakana: chenji aliihesabu mara mbili, kufuli aliivuta mara tatu, na mtu akimsifia kazi yake alijiuliza huyu anataka nini. Watu walimwita mkali. Yeye alijiita macho.

Karakana yenyewe ilikuwa mtaa wa nyuma, mlango mpana wa bati, ndani vumbi jeupe la kioo na sakafu iliyolowa maji ya mashine ya kusugulia kingo. Mbele palikuwa na meza ndefu ya kukatia iliyovikwa zulia. Pembeni mabamba yalisimama kwenye viunzi vya mbao. Nyuma kabisa, kama mfalme, lilikaa tanuru. Kioo cha kawaida kikiingizwa humo kikapashwa moto na kupoozwa ghafla kwa upepo, kinatoka kigumu, na hata kikivunjika kinamwagika punje punje zisizochinja mtu. Marehemu alilinunua tanuru lile kwa jasho la miaka, na bila tanuru, ile isingekuwa karakana, ingekuwa duka la kubandika vioo vya madirisha kama maduka mengine yote mtaani.

Aliyeliendesha tanuru alikuwa shemeji yake, mdogo wa mwisho wa marehemu. Kijana mpole, mzito wa maneno, lakini mikono yake ilijua moto. Yeye ndiye pia aliyeandika karatasi za bei kwa wateja, kwa sababu Mama Vioo na kompyuta walikuwa hawapatani. Na hapo kwenye kuandika ndipo mambo yalipoharibika.

Hakuna mtu wa vioo anayeandika karatasi ya bei kuanzia mwanzo. Unafungua ya mteja wa zamani, unafuta jina lake, unaweka la mpya, unabadili vipimo, unabadili aina ya kioo, unabadili bei. Kazi ya dakika chache. Siku ile mteja alikuwa mkandarasi anayejenga jengo la ghorofa, anataka vioo vigumu vya milimita kumi kwa upande wote wa mbele. Shemeji alifungua karatasi ya zamani ya madirisha ya nyumba fulani, vioo vya kawaida vyembamba vya milimita nne. Akabadili jina. Akabadili vipimo. Akaandika "vioo vigumu, milimita kumi". Bei ya kila mita ya mraba ikabaki ile ile ya vioo vyembamba.

Mama Vioo akaitia saini akiwa amesimama, huku anagombana na dereva wa lori aliyeleta mabamba yenye nyufa. Hakuisoma. Yeye, macho mwenyewe, hakuisoma!

Mkandarasi waliyemwita Bwana Shwari, kwa vile kila kitu kwake kilikuwa shwari, aliirudisha karatasi siku ile ile ikiwa na saini yake chini ya neno "nimekubali", na amana akaiingiza benki. Mama Vioo alifurahi hadi akawaagizia mafundi soda. Furaha ile iliisha alipokaa kuagiza mabamba mabichi kiwandani. Aliweka bei ya kununulia upande huu, bei ya kuuzia upande ule, akaangalia, akavua miwani, akaifuta, akaangalia tena. Bei aliyouzia haikutosha hata kununua kioo kibichi kabla hakijaona tanuru. Kazi ya jengo zima kwa bei ile ingemlazimu auze tanuru, na hata hapo asingemaliza.

Akampigia Bwana Shwari papo hapo.

"Bwana, samahani, kwenye ile karatasi yetu kuna kosa."

"Shwari tu, mama," mkandarasi akasema, sauti laini. "Mimi nimesaini, wewe umesaini, amana unayo. Nasubiri vioo vyangu."

"Nakwambia kuna kosa!"

"Biashara ni biashara, mama yangu." Akacheka kidogo, akakata.

Mama Vioo alibaki ameshika simu. Kilichomkaa kooni hakikuwa kicheko. Mtu ukimwambia kuna kosa, atauliza kosa gani. Huyu hakuuliza. Kwa nini hakuuliza? Kwa sababu alijua. Na kama alijua, nani kamwambia?

Akili yake ikaanza kufukua. Si alimkuta shemeji siku ile ya kutia saini nyuma ya viunzi anaongea na simu kwa sauti ya chini, na alipomwona akaikata? Si wiki moja kabla alimwona anakunywa chai na Bwana Shwari, wanacheka kama watu waliozaliwa nyumba moja? Na mama mkwe je, ambaye hakuisha kusema kwamba tanuru la mwanawe linatumikiwa na mwanawe mwingine kama kibarua? Kila kipande kikajipanga mahali pake. Karakana ikishindwa, tanuru litauzwa, na litauzwa kwa nani? Aah! Watu wa mume bwana, wanakupaka mafuta kwa mgongo wa chupa huku wanakupimia kaburi.

Alitoka ofisini kwa kishindo. Shemeji alikuwa kwenye meza, mafundi wawili pembeni yake.

"Shemeji, siku ile nyuma ya viunzi ulikuwa unaongea na nani?"

Shemeji akaweka chini kisu cha kukatia. Rangi ya uso ilimbadilika. "Na Bwana Shwari."

"Kumbe!"

"Nisikilize, shemeji. Mimi ndiye niliyeiacha bei ya zamani. Karatasi ilikuwa imeshakwenda nilipoiona. Nikampigia nimwambie asisaini, aisubiri nyingine…"

"Ukampigia yeye. Mimi nipo hatua mbili kutoka kwako, ukampigia yeye!"

"Nilikuogopa. Asubuhi ile ulikuwa umeshanifokea. Nikasema nirekebishe kimya kimya, na baadaye nikaona haya kukwambia."

"Hadithi hiyo kamsimulie mama yako." Sauti yake ikapanda hadi mashine ya kusugulia ikazimwa, watu wote wakageuka. "Wewe ni mwizi! Ndugu yako hajaoza vizuri, wewe umeshauza jasho lake. Amekulipa kiasi gani huyo Shwari wako? Toa funguo."

Shemeji akachomoa funguo za karakana na za chumba cha tanuru, akaziweka juu ya zulia la meza. Akachukua koti lake msumarini, akatoka bila kuaga. Fundi mmoja alifungua mdomo aseme kitu. Mama Vioo akamkazia jicho, akaufunga.

Kesho yake alikwenda kwa wakili, mwanamke wa makamo aliyesoma naye shule ya msingi, mwenye ofisi ndogo juu ya duka la viatu. Wakili akaisoma karatasi taratibu, kisha akaiweka mezani.

"Wewe umekosea," akasema.

"Nimeibiwa!"

"Tuanze na kukosea kwanza, dada, kuibiwa kutakuja. Kukosea kwako peke yako hakukusaidii kitu. Ungekuwa umekadiria vibaya gharama zako, sheria ingekupa pole na kukufungulia mlango. Hata bei hii, kama yeye aliiamini kwa moyo safi kwamba ndiyo bei yako, imekubana. Mahakama haitachungulia kichwa chako, itachungulia chake. Kama alijua kuwa hiyo siyo bei unayokusudia, au mtu wa kazi yake hawezi kuiona asijue, basi hamkukubaliana. Alikuwa anadaka kosa lako tu. Hapo mkataba ni batili."

"Batili maana yake nini hasa?"

"Haukuwahi kuwepo. Si kwamba umevunjwa, haukuzaliwa. Unamrudishia amana yake, kila mtu anakwenda zake."

"Na kama alikula njama na mtu wangu wa ndani?"

"Hilo jambo jingine. Huo ni udanganyifu. Hapo mkataba upo, ila wewe uliyedanganywa una haki ya kuuvunja, ukiwahi, na usipofanya kitu cha kuonyesha kwamba umeukubali. Lakini ukimtaja mtu kwa udanganyifu mbele ya hakimu, uthibitishe. Mahakama haipokei ushahidi wa kunusa. Una nini?"

Mama Vioo akataja chai. Akataja simu.

"Kwenye simu walisema nini? Mtu wako anasemaje?"

Hapo Mama Vioo akasita. Maneno ya shemeji yalimjia yote, aisubiri nyingine, na akayaona ni utelezi mtupu. Mtu ameshikwa, atasema nini kingine? "Anadanganya," akajibu. "Nisikuchoshe."

"Nichoshe. Mlete nimsikie mwenyewe."

"Simleti mwizi akanitie kitanzi. Atakwenda kusema bei ilikuwa sahihi."

Wakili alimwangalia kwa jicho la mtu anayemjua mwenzake tangu utotoni. Akamsihi tena, hakufua dafu. Alimpigia shemeji mwenyewe, simu haikupatikana. Mwishowe akasema, "Haya. Tutamkaba Shwari kwa bei yenyewe. Ila nisikie: usikate hata kipande kimoja cha kazi yake, na amana usiiguse. Ukianza kupeleka vioo baada ya kugundua, utakuwa umejifunga mwenyewe."

Miezi ile ya kungojea ilimkausha Mama Vioo. Bwana Shwari alishitaki, anataka vioo vyake kwa bei ya karatasi, au alipwe tofauti ya kununua kwingine. Karakana ilipwaya. Fundi mpya wa tanuru aliunguza mabamba, mengine yakalipuka humo humo. Mama Vioo alianza kuwashuku mafundi waliobaki: huyu mbona anaongea chooni, yule mbona amenunua viatu? Mama mkwe alipiga simu mara moja tu. "Mwanangu umemfukuza kama mbwa," akasema, "na huku ananikataza nisikuseme vibaya." Mama Vioo akaikata. Anamkataza nini, wakati wote ni kitu kimoja! Lakini usingizi haukuja upesi siku ile.

Chumba cha mahakama kilikuwa kidogo, feni moja, madawati yanayolia ukisogea. Bwana Shwari alipanda kizimbani amevaa suti ya kijivu, akaapa, akasimulia kwa adabu. Aliomba bei, akapewa bei, akaipenda, akasaini. Sasa mama anageuka. Aliposema "mama" aliinamisha kichwa kwa heshima, na Mama Vioo akatamani kumrushia kiatu.

Wakili wa Mama Vioo akasimama.

"Umejenga kwa muda gani?"

"Muda mrefu. Sihesabu tena."

"Vioo vigumu umewahi kununua?"

"Mara nyingi."

"Kwa jengo hili uliomba bei kwa watu wangapi?"

"Watatu, pamoja na yeye."

"Bei za wale wawili zilikuwaje ukilinganisha na hii?"

Bwana Shwari akakohoa. "Zilikuwa juu."

"Juu kidogo?"

"Zaidi ya mara tatu. Lakini kila mtu na bei yake! Mwingine anataka kazi, anapunguza. Mimi nitajuaje mifuko ya watu?"

"Hukushangaa?"

"Sikushangaa."

"Hukumuuliza mtu?"

Sasa sikia. Bwana Shwari alimtazama hakimu, akatabasamu kama mtu aliyekuwa ameficha karata yake nzuri kuliko zote. "Sikuwa na haja ya kuuliza, mheshimiwa. Nilitafutwa mimi. Mtu wao mwenyewe alinipigia simu, shemeji yake huyu mama, kabla sijasaini. Kwa hiyo wasiseme hawakujua. Walijua, wakaniachia nisaini."

Mama Vioo aliinuka nusu kwenye benchi. Si alisema! Si alisema walikuwa wanaongea! Wakili akamwonyesha kiganja, akae. Halafu akageukia kizimbani, na sauti yake ikawa ya kubembeleza kabisa.

"Alikupigia akakwambia nini?"

"Kwamba niiangalie vizuri ile bei."

"Uiangalie vizuri, basi tu?"

"Kwamba… inaonekana imebaki ya vioo vyembamba. Nisubiri ataleta nyingine."

Wakili wa Bwana Shwari alifumba macho.

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia shwari."

"Halafu ukafanya nini?"

"Nikasaini." Akaona nyuso zimebadilika, akaongeza haraka haraka, "Karatasi ilikuwa na saini ya mwenye mali! Yule ni mfanyakazi tu, mimi nimsikilize mfanyakazi kwa nini?"

"Ulisaini muda gani baada ya simu?"

Hakimu mwenyewe akauliza tena, kwa upole. Bwana Shwari akajibu kwamba kalamu ilikuwa mkononi.

Maneno ya hakimu siku ya hukumu hayakuwa mengi. Muuzaji aliyekosea hawezi kukimbia bei yake kwa sababu tu inamuumiza, akasema. Lakini mnunuzi aliyeambiwa kuwa bei ni ya kitu kingine, naye ana bei mbili za wengine mkononi zinazomwambia hivyo hivyo, kisha akakimbilia kusaini kabla kosa halijasahihishwa, huyo hakukubali bei ya mwenzake. Alikuwa anadaka kosa. Hakukuwa na mapatano. Mkataba ni batili, amana irudi kwa mwenyewe.

Nje kwenye ngazi wakili alimkumbatia. "Tanuru lako limepona, dada."

Mama Vioo hakumsikia vizuri. Tangu siku ya ushahidi kulikuwa na sauti moja tu masikioni mwake, na haikuwa ya hakimu. Nikampigia nimwambie asisaini, aisubiri nyingine. Neno kwa neno. Alikuwa ameambiwa na mtu wa nyumbani akamwita mwizi. Akaambiwa na adui, ndipo akaamini. Aibu ilimpanda hadi akalazimika kukaa pale pale kwenye ngazi za mahakama, watu wanampita.

"Ungemleta," wakili akasema taratibu, "tungemaliza zamani."

"Najua. Usiniambie tena."

Ilimbidi amwombe mama mkwe, na mama mkwe hakumrahisishia. Alimwacha aombe mpaka mwisho, ndipo akamwambia mahali. Shemeji alikuwa mji wa pili, kwenye duka la kubandika vioo vya madirisha. Mikono ile iliyojua moto ilikuwa inapaka gundi kwenye fremu za mbao. Alipomwona mlangoni hakushtuka wala hakutabasamu. Akamvutia kigoda, akaendelea na fremu yake.

"Shemeji," Mama Vioo akaanza, "tumeshinda."

"Nimesikia. Hongera."

"Ni wewe uliyeniokoa. Ile simu yako. Shwari kaitaja mwenyewe kizimbani." Alikuwa amejiandalia maneno njia nzima, na sasa yalimtoka yote kwa pamoja bila mpangilio. "Mkataba umekuwa batili. Hakimu kasema hivyo, batili, haukuwahi kuwepo. Na mimi nimekuja kukwambia kwamba yale niliyoyasema siku ile… nilikosea. Yachukulie hivyo hivyo. Kwamba hayakuwahi kuwepo."

Shemeji alifuta gundi kidoleni kwa kitambaa, kidole kimoja kimoja.

"Nikuulize kitu, shemeji, na unijibu kweli. Mimi ile bei niliiandika lakini sikuikusudia. Ndiyo maana ikaitwa kosa. Wewe siku ile, uliponiita mwizi mbele ya watu, ulimi uliteleza, au ulikusudia?"

Jibu jepesi lilikuwepo, tayari kabisa, hasira tu shemeji, si unanijua nilivyo. Lakini huyu mtu alikuwa ameshamwambia ukweli mara moja, naye Mama Vioo akautupa. Hakuweza kumlipa uongo.

"Nilikusudia," akasema. Machozi yakamtoka, hakuyafuta. "Nilikuamini kuwa mwizi. Kila neno."

"Basi hakuna wa kulibatilisha," shemeji akasema. Hakusema kwa ukali. Alisema kama anavyotaja unene wa kioo. "Hilo lipo."

Akachukua fremu nyingine. Mama Vioo akabaki kwenye kigoda, mkoba mapajani, na ndani ya mkoba funguo mbili za karakana ambazo sasa hakujua azitoe vipi. Mteja aliingia na dirisha lililovunjika, akahudumiwa, akaondoka. Mwingine akaingia.

"Shemeji," hatimaye akasema shemeji bila kugeuka, "kama unakaa, nishikie huo upande wa pili. Kioo hiki hakishikwi na mtu mmoja."

Mama Vioo akaweka mkoba chini, akainuka, akashika.